Miaka ya nyumbani katika wasifu wa mhasibu

Swali: "Nilikuwa mhasibu kwa miaka saba. Niliacha kazi mwaka 2018 nilipojifungua mtoto wa pili, na sasa nataka kurudi. Watoto wakishalala nafungua LinkedIn niandike wasifu, naandika mistari mitatu, naifuta, nalala. Ile miaka niliyokaa nyumbani niiandikeje bila kudanganya na bila kujiharibia?" Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Dada yangu, miaka hiyo iandike waziwazi, kwa maelezo mafupi yenye tarehe, na iweke kwenye orodha ya uzoefu, si kwenye sentensi ya kwanza ya wasifu. Sentensi ya kwanza ni ya kazi unayoijua. Hilo ndilo jibu fupi, lakini jibu fupi halimfai sana mtu aliyekaa mbele ya skrini saa tano usiku na usingizi machoni, kwa hiyo nitakusimulia kisa cha mama mmoja wa fani yako niliyemsaidia mwaka 2024. Naye aliacha kazi mwaka 2018, alikuwa na watoto wawili, na alikuwa akiandika usiku kama wewe. Ameniruhusu nieleze rasimu zake mradi nisimtaje jina wala kampuni aliyoifanyia kazi.

Rasimu ya kwanza aliyonitumia aliiandika moja kwa moja kwenye sehemu ya About ya LinkedIn, na ilisomeka hivi: "Mimi ni mama wa watoto wawili, mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nimekuwa nje ya ajira kwa miaka sita kwa sababu za kifamilia, lakini niko tayari kujifunza na kuanza upya katika nafasi yoyote."

Nimesoma wasifu mwingi wa namna hii katika miaka yangu ya kuajiri, na ninaweza kukueleza kinachotokea upande wa pili. Afisa rasilimali watu anayetafuta mhasibu huandika jina la kazi kwenye kisanduku cha utafutaji, na kinachomjia ni orodha ya watu, kila mmoja na picha, jina, mahali alipo na ule mstari ulio chini ya jina unaoitwa Headline. Akifungua wasifu, sehemu ya About humwonyesha mistari michache tu ya mwanzo, na iliyobaki hufichwa mpaka abonyeze. Kwa mama huyu, mistari hiyo michache ilikuwa imebeba watoto, sifa nne ambazo kila mwombaji hujipa, na pengo la miaka sita. Neno "mhasibu" halikuwamo kabisa. Hata angekuwa mhasibu bora kuliko wote mjini, aliyekuwa akimtafuta mhasibu asingempata.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa yale maneno mawili ya mwisho, "nafasi yoyote". Mwandishi huyaona kama unyenyekevu, hasa usiku wa manane anapohisi kwamba amechelewa na wenzake wamemwacha mbali. Msomaji huyaona kama kazi aliyoachiwa yeye, kwa maana sasa ni juu yake kubuni mtu huyu anafaa wapi, naye hana muda huo. Anayeajiri mhasibu wa malipo anatafuta mhasibu wa malipo. Nilimwomba mama huyu achague kazi moja tu ambayo angeweza kuifanya Jumatatu ijayo akipewa meza na kompyuta, na akajibu papo hapo: malipo ya wauzaji na mishahara, katika kampuni ya wastani inayoagiza bidhaa. Jibu hilo alikuwa nalo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kabla ya kuendelea na maneno yenyewe, kuna jambo la utaratibu ambalo lilimsumbua na nadhani linakusumbua na wewe. Kuandika na kuhukumu ulichoandika ni kazi mbili, na anayezifanya zote kwa pamoja saa tano usiku hufuta kila kitu, kwa sababu uchovu ni hakimu mkali. Nilimshauri aifunge LinkedIn kabisa na aandike kwenye daftari au kwenye ujumbe wa WhatsApp aliojitumia mwenyewe, kwa Kiswahili, swali moja kwa usiku mmoja, bila kusoma alichoandika jana yake. Kiingereza cha wasifu kingekuja baadaye, mchana. Sababu ya kuanza na Kiswahili ni kwamba Kiingereza cha maombi ya kazi tumekikariri sote kutoka kwenye violezo, na mtu aliyechoka hunakili violezo hivyo bila kujua, ilhali akijieleza kwa lugha anayoitumia nyumbani husema tu alichokifanya.

Maswali yenyewe yalikuwa ya kawaida. Ni karatasi gani zilikuwa zinafika mezani kwako? Zilikuwa ngapi kwa mwezi? Ulizifanya nini, na baada yako zilikwenda kwa nani? Ungeugua wiki nzima, nini kingekwama? Usiku wa kwanza aliandika sentensi mbili, mtoto mdogo akaamka kuomba maji, na aliporudi mawazo yalikuwa yamekwisha kutawanyika. Haikuwa hasara, kwa kuwa swali lilikuwa moja na sentensi mbili zilikuwa zimebaki salama kwenye simu. Kabla ya wiki mbili kuisha alikuwa na ukurasa mzima wa mambo ambayo hakuwa ameyakumbuka kwa miaka.

Baadhi ya aliyoyaandika nayanukuu kama alivyoyaleta. "Ankara za wauzaji kama mia na ishirini kwa mwezi, nazilinganisha na oda na hati za mapokezi ya mzigo ghalani. Akaunti tatu za benki, mbili za shilingi na moja ya dola, nazisuluhisha kila mwisho wa mwezi. Mishahara ya watu thelathini na wanne. Ritani ya VAT kabla ya tarehe 20. Nilipoanza, hesabu za mwezi zilikuwa zinafungwa tarehe 15 hivi, nilipoondoka zilikuwa zinafungwa tarehe 7, kwa sababu nilianza kukusanya risiti za matumizi madogomadogo kila Ijumaa badala ya kungoja mwisho wa mwezi."

Tazama hiyo sentensi ya mwisho. Ina hali ya mwanzo, hali ya mwisho na sababu ya mabadiliko, na kila kimojawapo anaweza kukieleza akiulizwa. Katika rasimu nyingine aliyokuwa ameianza kwa kufuata kiolezo cha mtandaoni, alikuwa ameandika kwamba alipunguza gharama kwa asilimia 30. Nilimuuliza ni asilimia 30 ya gharama zipi, kutoka kiasi gani, katika mwaka upi. Hakujua, kwa kuwa namba ilikuwa ya kiolezo. Mhasibu anayeleta namba asiyoweza kuifuatilia mpaka kwenye chanzo chake amejikataa mwenyewe kabla ya kukataliwa, kwani kufuatilia namba ndiyo kazi anayoiomba. Tarehe 15 hadi tarehe 7 haina mng'ao wa asilimia 30, lakini ni ya kwake, na kila aliyewahi kufunga hesabu za mwezi anajua siku nane hizo zina uzito gani.

Sasa nije kwenye miaka yenyewe. Nilipomuuliza alikuwa akifanya nini tangu mwaka 2018, alijibu kama wanavyojibu wengi: "Nilikuwa nyumbani tu." Nilipomchimba zaidi ikajitokeza kwamba tangu mwaka 2020 alikuwa akitunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake. Kila jioni kaka alimtumia picha ya taarifa ya mauzo ya siku kutoka kwenye mashine ya EFD, naye alilinganisha na fedha zilizoingia benki na kwenye simu, akaandaa ritani ya VAT na kuingiza malipo ya vibarua. Vilevile alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani, akiandika hisa na mikopo ya wanachama na kuandaa hesabu za mgawo wa mwisho wa mwaka.

Je, hizo ni kazi za kuandikwa? Kipimo ninachotumia ni hiki: kuna mtu mwingine aliyetegemea namba zako, kuna kumbukumbu iliyoandikwa, na kuna mtu anayeweza kupigiwa simu akathibitisha. Duka la kaka linapita kipimo chote. Kikoba nacho kinapita, ila nafasi yake ni sentensi moja, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi kuliko kazi anayoiomba na akikipa aya nzima ataonekana hana lingine la kusema. Malezi yenyewe hayapimwi kwa kipimo hiki, na mimi si shabiki wa mtindo wa kuyageuza kuwa cheo, mtu akajiandika "Mkurugenzi Mtendaji wa Kaya" mwenye ujuzi wa bajeti na utatuzi wa migogoro. Malezi ni kazi nzito kuliko nyingi, lakini msomaji wa wasifu huona mzaha huo kama kujikinga, na huanza kutafuta kinachokingwa.

Pia kuna mpaka upande wa pili, wa kujipandisha. Mama huyu alitaka kujiita "Mshauri wa Kodi" kwa sababu ya ritani za kaka yake. Hapa Tanzania mshauri wa kodi ni mtu aliyesajiliwa na TRA kwa kazi hiyo, na kujipa jina hilo bila usajili ni kujitafutia matatizo. Vivyo hivyo kwa herufi za CPA. Kufaulu mitihani ya NBAA, yaani bodi ya wahasibu, ni jambo moja, na kuwa mwanachama aliyesajiliwa ambaye usajili wake uko hai ni jambo jingine, kwa hiyo kama ada zako za mwaka zimesimama tangu ulipoacha kazi, andika mwaka uliofaulu mitihani na usijivike usajili mpaka uuhuishe. Mwajiri makini huulizia. Kwa duka la kaka tulikubaliana aandike "Mhasibu wa muda, biashara ya familia ya vifaa vya ujenzi, 2020 hadi sasa", na neno "familia" libaki palepale. Angelificha lingejitokeza siku ambayo mtu wa kuthibitisha angepigiwa simu na kugundulika kuwa na ubini uleule.

Pengo lenyewe lina mahali pake. Tangu mwaka 2022 LinkedIn ina ingizo linaloitwa Career break, ambalo hukaa katika orodha ya uzoefu kama kazi nyingine, na ndani yake unachagua aina ya mapumziko, mojawapo ikiwa Full-time parenting, kisha unaweka tarehe na maelezo ukipenda. Mama huyu aliweka mwaka 2018 hadi 2024 na maelezo haya: "Nililea watoto wadogo, kuanzia 2020 nilifanya uhasibu wa muda kama ilivyoelezwa hapo juu." Basi. Hakueleza ujauzito ulikuwaje, msichana wa kazi aliondoka lini, wala kwa nini mshahara wake wakati ule usingetosha kumlipa mlezi, ingawa hayo yote ni ya kweli na alikuwa ameyaandika usiku mmoja kwa uchungu mwingi. Nilimwambia ayahifadhi kwa ajili yake mwenyewe.

Idadi na umri wa watoto navyo viliondolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia, na inamlinda hata yule anayeomba kazi. Hata hivyo sheria haiwezi kuingia kichwani mwa mtu anayepekua wasifu arobaini kabla ya chakula cha mchana na kuuruka wako kimyakimya kwa kuwaza kwamba mtoto wa miaka minne huugua mara kwa mara. Hutajua kwamba umerukwa, kwa hiyo hutakuwa na la kulalamikia. Usimpe habari ambayo hakuwa na haki ya kuitumia.

Kuna wanaoshauri njia ya mkato, yaani kurefusha tarehe za kazi ya mwisho ili pengo lipungue. Usithubutu. Cheti cha utumishi ulichopewa ulipoondoka kina tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, mwajiri mpya anaweza kukiomba, na simu moja kwa ofisi ya zamani huchukua dakika mbili. Pengo la miaka sita lililoandikwa waziwazi ni swali la usaili, ila tarehe ya uongo ni sababu ya kufukuzwa hata baada ya kuajiriwa.

Lakini pengo lina hatari nyingine ambayo ni ya kweli zaidi, na waandishi wa wasifu hawaizungumzii vya kutosha, nayo ni ujuzi uliopitwa na wakati bila mwenyewe kujua. Mama huyu alikuwa ameandika kwamba anaijua PAYE vizuri. Nilimpa hesabu ndogo: mfanyakazi ana mshahara wa shilingi 800,000, anakatwa asilimia 10 ya NSSF, je, kodi yake ni kiasi gani? Alipiga hesabu kichwani kwa viwango alivyovizoea, akaniambia 98,100. Kwa mwaka 2018 alikuwa sahihi kabisa. Baada ya kuondoa NSSF zinabaki 720,000, na kwa jedwali la wakati ule 170,000 za kwanza hazikuwa na kodi, 190,000 zilizofuata zilitozwa asilimia 9, 180,000 zilizofuata asilimia 20, na 180,000 za mwisho asilimia 25. Lakini mwaka 2020 kiwango kisichotozwa kodi kilipandishwa hadi 270,000 na madaraja yakapanuliwa, na mwaka 2021 asilimia 9 ikashuka kuwa 8. Kwa jedwali alilopaswa kulitumia mwaka 2024, 250,000 zinazofuata baada ya 270,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 200,000 zilizobaki hutozwa asilimia 20, ambayo ni 40,000. Jumla ni 60,000. Angemkata mfanyakazi huyo shilingi 38,100 zaidi kila mwezi.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama aliondoe neno mishahara kwenye wasifu. La hasha. Nilimwambia aliache na aende akalistahili. Jioni kadhaa zilizofuata hakuandika sentensi hata moja ya wasifu, bali alitengeneza jedwali la mishahara la wafanyakazi kumi na wawili wa kubuni, akaweka PAYE mpya, NSSF, mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, yaani WCF, na tozo ya mafunzo ya ufundi stadi, yaani SDL. Katika SDL nako alikuta mabadiliko: mwaka 2021 kiwango cha chini cha wafanyakazi kinachomfanya mwajiri alipe kilitoka wanne hadi kumi, na mwaka 2023 tozo yenyewe ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Baada ya hapo aliweza kuandika kwamba anaandaa mishahara kwa viwango vya sasa, na alikuwa na faili la kumwonyesha yeyote atakayetaka. Nakuomba wewe nawe ufanye jaribio hili kabla ya kuandika neno lolote la ujuzi. Chukua kila ujuzi unaotaka kuutaja, ufanyie kazi moja halisi kwa kanuni za leo, na utakaokushinda ama ujifunze ama uuache nje.

Baada ya wiki hizo, rasimu yake ya About kwa Kiswahili ilifikia hapa: "Mhasibu wa malipo na mishahara mwenye uzoefu wa miaka saba katika kampuni inayoagiza bidhaa kutoka nje. Nilishughulikia ankara za wauzaji zipatazo 120 kwa mwezi, usuluhishi wa akaunti tatu za benki za shilingi na dola, mishahara ya wafanyakazi 34 na ritani za VAT. Ufungaji wa hesabu za mwezi ulitoka tarehe 15 hadi tarehe 7 baada ya kuanzisha ukusanyaji wa risiti za matumizi madogo kila wiki. Tangu 2020 natunza vitabu vya biashara ya familia ya vifaa vya ujenzi kwa muda, zikiwemo taarifa za EFD na VAT. Natafuta kazi ya kudumu ya uhasibu wa malipo au mishahara Dar es Salaam."

Hakuna sifa hata moja humo, na hakuna neno "lakini". Sehemu ya About inakubali herufi 2,600, naye hakutumia hata nusu, nami nilimzuia asijaze nafasi kwa kuwa ipo. Headline, inayokubali herufi 220, ikawa "Mhasibu: malipo ya wauzaji, mishahara, VAT". Awali aliandika pale "Natafuta nafasi", maneno ambayo hakuna mwajiri duniani anayeyaandika kwenye kisanduku cha utafutaji.

Rasimu hiyo haikwenda LinkedIn usiku. Aliituma kwanza kwa WhatsApp, asubuhi, kwa mwenzake wa zamani waliyekuwa wakikaa meza jirani, akamwomba mambo mawili: aseme kama namba ni za kweli, na kama atakubali kuwa mdhamini. Mwenzake alimrekebisha kwamba akaunti ya dola ilifunguliwa miaka miwili baada ya yeye kuajiriwa, jambo dogo lisilobadilisha sentensi, lakini sasa analijua iwapo ataulizwa. Faida ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa maana mtu aliyesoma wasifu wako ndiye anayekukumbuka nafasi inapotajwa ofisini kwake, na kampuni nyingi za wastani za hapa mjini hujaza nafasi zao kwa njia hiyo kabla tangazo halijatoka.

Kisha akatafsiri kwa Kiingereza mchana wa Jumamosi, watoto wakiwa kwa bibi yao, akaingiza. Katika fomu ya kuongeza kazi kuna kitufe cha Notify network, na alikizima wakati wa kuingiza ingizo moja moja, ili wanaomfahamu wasipelekewe taarifa za wasifu ambao bado haujakamilika. Kuhusu Open to work, mfumo hukupa uchaguzi wa kuonekana na waajiri tu au na kila mtu kwa duara la kijani kwenye picha. Wapo wanaoliona duara hilo kama dalili ya kukata tamaa. Mimi naona hivi: chaguo la waajiri tu huwafikia wale wanaotumia huduma ya kulipia ya LinkedIn ya kutafuta watu, na duka kubwa la jumla la Kariakoo au kampuni ya forodha yenye watu ishirini aghalabu haina huduma hiyo. Wewe huna mwajiri wa sasa wa kumficha, kwa hiyo liwashe.

Matokeo yake sitayapamba. Aliitwa kwenye usaili mara tatu katika miezi iliyofuata, na nafasi aliyoipata ilikuwa ya mkataba wa muda, kushika nafasi ya mhasibu aliyekwenda likizo ya uzazi. Likizo yenyewe kisheria ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, lakini kampuni ilitaka mtu wa miezi mitano ili pawe na muda wa makabidhiano mwanzoni na mwishoni. Nakushauri uziangalie sana nafasi za aina hii, kwa sababu wengi wenye ajira za kudumu hawawezi kuziomba, na mwisho wake unatoka na tarehe mpya kabisa juu ya orodha yako ya uzoefu. Katika usaili huo miaka sita iliulizwa kwa swali moja, akajibu kwa maneno yaleyale ya Career break, na mazungumzo yakahamia kwenye jedwali la mishahara, ambalo alikuwa amelichapa na kwenda nalo.

Jambo moja limebaki, ili usipoteze usiku wako. Yote niliyoyasema yanahusu ajira za kampuni binafsi na mashirika. Kama unafikiria utumishi wa umma, njia ni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, ambako wasifu wako wa LinkedIn hausomwi. Huko unajaza taarifa zako kwenye mfumo, unapakia vyeti, barua ya maombi na CV ya kawaida, na matangazo mengi huweka sharti la umri usiozidi miaka 45. Ukiwa na mpango huo, anza na kuhakikisha kwamba majina kwenye vyeti vyako vya shule, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA yanalingana, hasa kama ulianza kutumia jina la mume baada ya ndoa, kwa sababu marekebisho ya majina, pamoja na hati ya kiapo inayohitajika, huchukua muda mrefu kuliko uandishi wa wasifu wowote.